Sentensi Aliyoiacha Mwalimu Lazarus

Watu wa Shirere waliomjua Mwalimu Lazarus Makhanu enzi zile pesa za miwa zilipokuwa zimewalevya watu walimjua kwa mambo mawili: kola ya shati lake, ambayo hakuna aliyewahi kuiona imekunjika, na Kifaransa chake. Kola aliipiga pasi mwenyewe. Kifaransa alikipata Burundi, alikokwenda angali kijana kutoka Malava akitaka kuwa bruda wa Kikatoliki. Alikaa huko miaka mitano, akarudi bila kanzu lakini na lugha. Nyumbani walimcheka, maana Malava hakuna ng'ombe anayekamuliwa kwa Kifaransa. Akapata kazi ya kuifundisha lugha hiyo katika shule moja ya wasichana mjini Kakamega, na kwa miaka tisa akawa anasema "bonjour" kila asubuhi na kuitikiwa na wasichana thelathini kwa sauti ya watu wanaosomewa hukumu. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa na kitu kizuri mikononi, na hakuna aliyekihitaji.

Ndipo ujue jinsi moyo ulivyomruka, mwaka wa themanini na moja, Mzee Phanuel Osundwa alipobisha mlangoni kwake Jumamosi moja mchana akiwa na kuku chini ya kwapa.

Mzee Osundwa alikuwa mkulima wa miwa kutoka Matungu, mmoja wa wale walioezeka mabati na kununua redio kubwa mwaka uleule. Bintiye Roda alikuwa karani kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, mahali matrekta yanapopimwa yakiingia na miwa. Hapo mizanini alipendwa na Anicet Mabiala, mhandisi kutoka Kongo ya Brazavili, aliyeletwa kiwandani miaka miwili kujifunza mitambo ya kuchemshia sukari. Yeye na Roda walizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake cha kuungaunga, na kikawatosha. Sasa harusi ilikuwa imepangwa, na wazazi wa Anicet walikuwa wanakuja na ndege pamoja na shangazi wawili na kaka. Hao hawakujua Kiingereza wala Kiswahili.

"Mwarimu," alisema Mzee Osundwa, "mimi nitasimama mbele ya watu niwape mtoto wangu. Sitaki kuongea kama redio iko mbali, wale wageni wanitoree macho tu. Nitasema kwa Kiswahili, juu kiwandani kuna watu wa kila kabila. Wewe utawaambia wale wageni kwa ile lugha yao."

"Nitafanya, mzee," alisema Lazarus. Angefanya hata bila kuku.

Walikutana Jumamosi tatu. Lazarus alinunua daftari jipya, akaandika Kiswahili cha mzee ukurasa wa kushoto na Kifaransa chake ukurasa wa kulia, sentensi ikitazamana na mwenzake. Alimweleza mzee jinsi watakavyofanya: mzee aseme sentensi mbili au tatu, anyamaze, yeye atafsiri, kisha mzee aendelee. Asizidishe tatu, maana kichwa cha mkalimani kikijazwa humwaga. Mzee alicheka, lakini alilishika hilo. Alikuwa mtu wa kushika maneno.

Kazi ilikuwa ngumu, na Lazarus aliipenda kwa ugumu wake. Tangu salamu tu walikwama. Mzee alianza, "Wakwe zetu, poleni na safari." Maneno matano, mtoto wa chekechea anayaelewa. Lakini Kifaransa kina neno la mama mkwe na neno la baba mkwe, hakina neno ambalo baba wa bibi harusi atamwitia baba wa bwana harusi. Lazarus alijaribu "washirika" kwa Kifaransa, likasikika la vita. Mwishoni akaandika, "Wazazi wapendwa, ninyi ambao tangu leo ni wa nyumba yetu." Na "poleni" nayo? Kuna neno la kuomba radhi, kuna neno la rambirambi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekosewa wala kufiwa. Akazunguka: "Mmesafiri mbali kwa ajili yetu, na uchovu wenu tunausikia pamoja nanyi." Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mara nne, akitembea kutoka kitandani hadi dirishani, na alijisikia mtu kamili.

Kisha wakafika sentensi ya kumi na moja.

Mzee Osundwa aliitoa akiwa ameketi wima, mikono magotini. "Mkija kuchoka naye, msimpige. Mrudisheni kwa njia ileile mliyopita, akiwa mzima kama tulivyowapa."

Lazarus aliandika. Halafu akakuna kichwa. Mzee akamwona.

"Hapo usiguse, mwarimu. Hiro neno babangu alisemanga kila akipeana msichana, na babake alisemanga. Senje yangu Navalayo alirudishwa juu ya hiro neno. Walimchoka, wakakumbuka wamesikia mbele ya watu, wakamleta kwa mkono akiwa na meno yake yote. Nikishasema, wao wanajibu, tumesikia. Wasipojibu, hakuna harusi."

Senje Navalayo, shangazi yake mzee, alikuwa bado hai na bado anatafunia meno hayohayo. Pale Matungu kila mtu alimjua kama ushahidi unaotembea.

Basi Lazarus alibaki na sentensi hiyo, na haki yake apewe: mwanzoni aliifanyia kazi kama mtu mwaminifu. Kwa Kifaransa ilitoka vizuri, maneno yakikaa moja baada ya lingine: *Si un jour vous vous lassez d'elle, ne la battez pas.* Taabu ilikuwa kwingine. Kwa Kiswahili, "msimpige" inaambiwa ukoo mzima, na kila aliyekaa ukumbini anaingoja kama anavyongoja wali. Kwa Kifaransa, lile *vous* ni la watu wengi lakini pia ni la mtu mmoja anayeheshimiwa. Baba yake Anicet angeweza kudhani ananyooshewa kidole peke yake, mbele ya keki, kwamba yeye na mwanawe ni wapigaji wa wanawake. Lazarus aliona dawa yake, wala haikuwa ngumu. Angeanza na maneno machache, "Kwa desturi ya kwetu, kila baba husema hivi anapomtoa binti," kisha angeongeza "ninyi nyote, jamaa yake mpya," na sentensi ingekaa. Aliyaandika hayo kwa penseli pembeni. Mfasiri mzuri ndivyo afanyavyo: neno likikosa daraja, anajenga daraja, halitupi neno mtoni. Yote hayo Lazarus aliyajua, na ndiyo sababu hasira yangu juu yake haijaisha.

Siku nne kabla ya harusi Anicet alikuja Shirere kwa pikipiki ya kiwanda. Kijana mtanashati, mcheshi, mwenye kunukia. Akamwita Lazarus *cher maître*, mwalimu mpendwa, na Lazarus, ambaye hakuwa ameitwa hivyo tangu atoke Burundi, alimpa kiti chake mwenyewe. Anicet aliomba kuona daftari. Alisoma ukurasa wa kulia akitikisa kichwa kwa kupendezwa, akasema hata Brazavili kuna mawaziri wasioweza kuandika hivi. Akafika sentensi ya kumi na moja. Akacheka.

"Hii hapana," alisema kwa Kifaransa. "Mama yangu atalia. Baba alikuwa mkuu wa kituo cha reli, mtu wa heshima, atadhani anatukanwa. Haya ni mambo ya shambani, mwalimu. Wewe umesoma, unayajua ya huku na ya kule. Weka kitu kizuri hapo."

"Mzee amesema isiguswe."

"Mzee atajuaje?"

Kisha, akiwa tayari amesimama, Anicet alisema kiwandani kuna vitabu vya mitambo vilivyoandikwa kwa Kifaransa, na hakuna wa kuvifasiri. Angemtaja Lazarus kwa wakubwa. Aliyasema hayo akivaa glavu za pikipiki, kama kwamba hayana uhusiano na yaliyotangulia.

Lazarus alikaa na daftari mpaka chai ikapoa. Alijiambia kwamba anawalinda wageni wasiumizwe. Alijiambia kwamba anamlinda mzee asionekane mshamba. Mtu akitaka kufanya jambo baya hakosi wa kumlinda. Akachukua kifutio, akafuta penseli yote, akaikata sentensi, akaandika mahali pake: *Notre maison vous sera toujours ouverte.* Nyumba yetu itakuwa wazi kwenu siku zote. Ilikuwa sentensi nzuri, na haikuwa na kazi yoyote duniani.

Harusi ilifana. Baada ya misa watu walijaa katika ukumbi wa kijamii mjini, wakulima wa Matungu upande mmoja na watu wa kiwanda upande wa pili. Fundi mmoja wa karakana, Kiprop, alikuja na suti ya kuazima, wakata miwa wakaja na viatu vilivyong'arishwa hadi vikaona haya. Palikuwa na obusuma, ugali wa kwao, na ingokho, kuku wa kutosha kulisha wilaya, na meza ya wageni iliwekewa divai. Mama yake Anicet alivaa kitenge cha rangi ya machungwa. Baba yake, Mzee Mabiala, alikuwa mtu mwembamba mwenye mvi, aliyekaa bila kuegemea kiti.

Mzee Osundwa alisimama na glasi yake ya soda. Alisema mbili, akanyamaza. Lazarus akatafsiri. Alisema tatu, akanyamaza. Sauti ya Lazarus ilikuwa tulivu, haikukimbia wala haikuburuta, na pale kwenye "uchovu wenu tunausikia pamoja nanyi" mama yake Anicet aliweka mkono kifuani. Lazarus aliona, na furaha ilimjaa hadi masikioni. Miaka tisa ya wasichana wanaopiga miayo ililipwa kwa mkono ule mmoja.

Kisha mzee akashusha glasi. Ukumbi ukatulia, maana upande wa Matungu walijua kinachokuja. "Mkija kuchoka naye," alisema polepole, akimtazama Mzee Mabiala usoni, "msimpige. Mrudisheni kwa njia ileile mliyopita, akiwa mzima kama tulivyowapa."

Lazarus alifungua mdomo, akawaambia wageni kwamba nyumba ya Osundwa itakuwa wazi kwao siku zote.

Wageni walitabasamu. Mama yake Anicet alipiga makofi. Senje Navalayo, aliyekuwa mstari wa mbele, alimgeukia Milcah, mama yake Roda. "Mbona wanacheka? Mimi siku yangu watu walinyamaza kama wako kaburini."

"Pengine kwao ndivyo wanapokeanga," alisema Milcah.

"Wamesikia?" aliuliza Mzee Osundwa.

Lazarus aliwaambia wageni kwa Kifaransa kwamba ni adabu ya hapa kujibu, "Tumesikia." Wote wakajibu pamoja, kwa nia njema kabisa. Yeye akawageukia watu. "Wanasema wamesikia."

"Basi tuinue glasi," alisema mzee, na glasi zikainuliwa. Roda, ndani ya shela, hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Alimtazama mwalimu kwa shukrani. Anicet alimkonyeza Lazarus.

Kazi ya vitabu vya mitambo ilikuja kweli. Kwa miezi minane Lazarus alikwenda kiwandani kila Jumamosi na kalamu mfukoni, akatafsiri habari za valvu na mvuke, akapewa kadi ya kuingilia langoni yenye picha yake. Alimtumia mama yake picha hiyo Malava. Roda na Anicet walikuwa wameshaondoka kwenda Kongo.

Barua za Roda zilianza ndefu, zikawa fupi, zikakoma. Mwaka mzima Matungu hawakupata kitu. Mzee Osundwa hakuwa na wasiwasi mkubwa. "Walisikia," alikuwa akimwambia Milcah. "Kukiwa na neno, watamleta." Milcah alitaka waandike, waulize. Yeye alikataa, akasema kuuliza ni kuwaonyesha wakwe kwamba hamuwaamini. Kwa ajili ya lile "tumesikia" mwanamume huyu alilala usingizi wake wote kwa miaka mitatu.

Mwaka wa themanini na nne, wakati wa kuvuna, barua ilifika, imeandikwa kwa Kiswahili na kupitishwa kwa sista mmoja wa hospitali. Mzee alimletea Lazarus. Roda aliandika kwamba Anicet alianza kumpiga mwezi wa pili wa ndoa. Alikuwa amepoteza mimba mbili. Jicho la kushoto lilikuwa halioni tena tangu Pasaka. Wakwe walikaa mji mwingine, na yeye alikatazwa kutoka. Mwisho aliandika, "Baba, nilingoja watu wa Mabiala wanirudishe kama walivyokubali. Sijui mbona hawakumbuki."

Lazarus aliisoma akiwa amesimama. Mzee Osundwa alilia mbele yake, mtu mzima, akijifuta kwa kofia.

"Waandikie wale wazee," alisema. "Waambie, kama tulivyowaambia siku ya harusi, mkichoka naye mrudisheni. Waambie wamtoe huko sasa."

Safari hii Lazarus aliiandika sentensi yote. Kila neno lake, pamoja na yale ya penseli aliyoyafuta zamani. Kitu kimoja tu hakukiandika: "kama tulivyowaambia siku ya harusi." Alikiruka. Angekiandika, Mzee Mabiala angeshangaa na kuuliza, na jibu lingerudi na jina lake ndani. Hata pale, mwanamke akiwa na jicho moja, mwalimu alikumbuka kola yake kwanza.

Haikupita mwezi na nusu tangu barua itumwe. Mzee Mabiala hakujibu kwa barua. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mwanawe, akamtoa Roda kwa mkono, akapanda naye ndege, akamleta hadi Matungu. Alishuka kwenye teksi iliyotoka Kakamega akiwa na suti ileile ya harusi, amekonda zaidi, na alipofika uani alivua kofia, hakuivaa tena.

Lazarus aliitwa. Angeweza kusema anaumwa. Lakini kukataa kungezua maswali, akaenda.

Walikaa sebuleni: Mzee Osundwa na Milcah, Senje Navalayo kwenye mkeka, Mzee Mabiala ukingoni mwa kiti, na Roda karibu na mlango, kitambaa kimefunika upande wa kushoto wa uso. Hakuna aliyegusa chai. Mzee Osundwa alimtazama mgeni kwa hasira.

"Mwarimu, muulize huyu mzee. Alisikia mbele ya watu, akajibu kwa kinywa chake. Mbona alingoja miaka mitatu? Alingoja jicho liishe ndio amlete?"

Lazarus alikohoa. Akamgeukia Mzee Mabiala, akasema kwa Kifaransa, taratibu na kwa lafudhi nzuri, "Anauliza kama safari yenu ilikuwa na taabu, na kama binti amekuwa mgonjwa muda mrefu."

Mzee Mabiala alianza kujibu, lakini Roda alikuwa ameinua uso.

"Hilo silo uliloulizwa, mwalimu," alisema kwa Kiswahili. Hakupandisha sauti. "Baba, hajauliza hivyo. Ameuliza habari ya safari."

Lazarus alisema kwamba alikuwa anaanza na heshima kwanza. Hakuna aliyemwangalia.

"Miaka mitatu nimepigwa kwa Kifaransa," Roda alisema. "Nakielewa. Acha nitafsiri mimi."

Akasogeza kiti kati ya wazee wawili, akalitoa swali la baba yake kama lilivyokuwa, na ukali wake wote. Mzee Mabiala alilipokea kama mtu aliyepigwa kofi gizani. Alizungumza, akanyamaza. Roda akatafsiri. Hakuna aliyemfundisha, lakini alingoja mahali pa kungoja, na hakuongeza wala hakupunguza.

"Anasema siku ya harusi hawakuambiwa neno hilo. Waliambiwa nyumba yetu iko wazi kwao, ndilo walilojibu. Anasema, kwao pia, neno la baba mbele ya watu linafunga ukoo. Alikuwa anajua mwanawe ana mkono mwepesi. Tangu ujana. Mama Anicet na yeye waliona ninyi hamkusema lolote, wakadhani kwenu mambo hayo huachiwa mume na mke, wasiyaingilie. Anasema barua yako ilifika Jumatatu, na Jumatano alikuwa mlangoni kwangu. Angeambiwa siku ile, angekuja mwezi wa pili."

Milcah alianza kulia bila sauti. Mzee Mabiala alisema neno lingine, fupi, akimtazama Osundwa. "Anaomba radhi," alisema Roda. "Anasema yeye ni mzee na ana aibu."

Mzee Osundwa alinyanyuka, akavuka sebule, akamshika mkwe wake mkono kwa mikono miwili, wakasimama hivyo, wazee wawili waliokwisha kuibiwa kitu kilekile. Kisha akamgeukia Lazarus. Watu walidhani atampiga. Senje Navalayo hata alimsogezea fimbo.

Lakini mzee aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Mwarimu, nani alikwambia mimi sikujua maana ya maneno yangu?"

Lazarus alikuwa na Kikabras cha mama yake, Kiswahili, Kiingereza cha chuo na Kifaransa kilichomfanya Mama Anicet aweke mkono kifuani. Alitafuta katika zote. Roda alikuwa amekwisha kumgeukia Mzee Mabiala, na kwa ukamilifu uleule alikuwa anamtafsiria swali la baba yake, ili mgeni naye asikie jibu.